Namba ya panya ikigoma: kutafuta kosa katika kukamata, kutia alama na kukamata tena

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ametega, ametia alama, ameachia, amekamata tena, na sasa namba aliyoipata haimwingii akilini. Nitamtumia panya shamba, Mastomys natalensis, kwa sababu mkulima wa mahindi anamjua na watafiti wanamjua. Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimemfuatilia kila mwezi tangu miaka ya 1990 kwenye eneo la hekta 3 lenye mitego 300 ya Sherman, mmoja kila baada ya mita 10, ikitegwa siku tatu mfululizo. Mtego huo ni kisanduku chepesi cha bati kinachokamata mnyama mmoja tu, akiwa hai. Chambo chake ni siagi ya karanga iliyochanganywa na mahindi. Namba za mifano yote hapa chini nimezitunga ili hesabu ionekane. Si takwimu za shamba lolote.

Tuanze na namba ambayo haina tatizo, ili tujue tunachokilinganisha. Usiku wa kwanza umekamata panya 60, wote ukawatia alama na kuwaachia palepale ulipowakuta. Usiku wa pili umekamata 50, na kati yao 20 wana alama. Fomula ya zamani ya Petersen na Lincoln inazidisha 60 kwa 50 kisha inagawanya kwa 20, na jibu ni 150. Tatizo lake ni kwamba huikuza idadi kupita kiasi pale wenye alama wanapokuwa wachache, kwa hiyo tangu Chapman alipoirekebisha mwaka 1951 wengi wetu tunatumia hii:

```
N = (n1+1)(n2+1)/(m+1) - 1
V = (n1+1)(n2+1)(n1-m)(n2-m) / ((m+1)^2 (m+2))
```

Hapa n1 ni waliotiwa alama usiku wa kwanza, n2 ni wote waliokamatwa usiku wa pili, na m ni wale wenye alama kati ya hao wa pili. Jibu ni panya 147. Kipeuo cha pili cha V kinakupa kosa sanifu la karibu 20, kwa hiyo wigo wa asilimia 95 unaanzia kama 109 hadi 185.

Sasa itazame m. Ndiyo iliyo chini ya mstari, na ndiyo pekee ambayo hukuamua wewe. N1 na n2 zinategemea sana idadi ya mitego uliyoweka, lakini m inaletwa na panya wenyewe. Ikipungua bila sababu halali, N inapanda. Ikiongezeka bila sababu halali, N inashuka. Masharti yote ya njia hii, kwamba kundi limefungwa, kwamba alama haipotei, kwamba kila mnyama ana nafasi sawa ya kukamatwa, yapo ili kuilinda m. Kwa hiyo ukiona dalili yoyote, swali la kwanza ni hili: m yangu imeguswa na nini?

Dalili: namba ni kubwa mno

Anza na alama, kwa sababu ndicho chanzo rahisi kukipima na ndicho ambacho watu hukipuuza. Tuseme wale 50 wa usiku wa pili walikuwa na panya 24 waliowahi kukamatwa, ila wanne hereni zao za sikio zilikuwa zimechomoka, nawe ukawaandika kama wageni. Ukiweka m = 24 unapata panya 123. Ukiweka m = 20 unapata 147. Hereni nne tu zimeongeza panya 24 ambao hawapo.

Dawa yake ni kuvisha hereni mbili, moja kila sikio, walau kwa sehemu ya panya. Ukimkamata tena mwenye hereni moja unajua nyingine imepotea, na unaweza kukadiria wangapi wamepoteza zote mbili. Tuseme kati ya waliorudi, 16 wana hereni mbili na 4 wana moja. Uwezekano wa hereni moja kupotea ni 4 ukigawa kwa (4 + 2 × 16), yaani 4/36, karibu 0.11. Kupotea zote mbili ni 0.11 × 0.11, karibu asilimia 1. Kwa hereni mbili, basi, karibu hujapoteza yeyote. Kwa hereni moja ungepoteza mmoja katika kila tisa. Hesabu hii inachukulia kwamba hereni moja ikipotea haisaidii nyingine kupotea. Panya waliopigana wakararuana masikio wanaweza kuivunja dhana hiyo, kwa hiyo mtazame mnyama: sikio lililochanika pembeni lina habari. Liandike kwenye daftari hata kama hereni haipo.

Kuna pia alama iliyopo lakini haikusomwa. Alfajiri, taa ya kichwani, mikono ina baridi, mitego mia bado inasubiri kabla jua halijawa kali na kuwaua waliomo ndani: hapo ndipo 6 inaposomwa 9. Ukikuta kwenye daftari namba ambayo haijawahi kutolewa, au dume ambaye mwezi uliopita alikuwa jike, tayari unajua usomaji una walakini, na kwa kila kosa uliloliona kuna mengine yaliyoangukia kwenye namba halali na hukuyaona. Andika jinsia na uzito kila mara, hata kwa yule uliyemshika jana. Ndivyo vinavyokusaidia kumtambua baadaye.

Alama zikiwa salama, chanzo cha pili ni kundi kuwa wazi: wengine wamekufa au wamehama, wengine wamezaliwa au wameingia. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Ikiwa kati ya utegaji wa kwanza na wa pili kulikuwa na vifo tu, na vifo hivyo havikubagua mwenye alama na asiye nayo, uwiano haubadiliki. Kadirio lako ni sahihi, ila ni la idadi ya siku ya kwanza. Ikiwa kulikuwa na kuingia tu, bila kufa wala kuhama, kadirio ni sahihi pia, ila ni la siku ya pili. Balaa linakuja vyote viwili vikitokea kwa pamoja, kwa sababu hapo namba si ya siku yoyote ile.

Mfano: shamba lina panya 150, na 60 kati yao umewatia alama. Kabla hujarudi, theluthi moja wanakufa. Wanabaki 100, wenye alama 40. Wakati huohuo watoto 50 wanakua na kuanza kutembea. Shamba lina panya 150 tena, kama mwanzo. Unakamata 60. Kwa kuwa wenye alama ni 40 kati ya 150, unatarajia 16. Kwa fomula ya kawaida, 60 × 60 ÷ 16 inakupa 225. Hakuna siku hata moja ambayo shamba lile lilikuwa na panya 225.

Kwa panya shamba hili si jambo la nadharia. Mimba yake ni ya wiki tatu hivi, na uzao mmoja unaweza kufika watoto kumi na zaidi. Morogoro huanza kuzaliana masika yakishanyesha, na idadi hufikia kilele miezi mingi baadaye, kuelekea mwisho wa mwaka. Mtu anayetia alama mwezi wa sita na kukamata tena mwezi wa nane kisha akatumia fomula ya kundi lililofungwa, amepima kitu ambacho hakipo. Ndiyo sababu watu hutega siku tatu mfululizo: ndani ya siku tatu vifo na kuzaliwa ni kidogo kiasi cha kuvumilika. Mwaka 1982 Kenneth Pollock alipendekeza mpango unaounganisha mambo haya mawili. Ndani ya siku chache za mwezi mmoja unakadiria idadi kana kwamba kundi limefungwa, na kati ya mwezi na mwezi unakubali kwamba liko wazi, unakadiria wangapi wameokoka. Kama una data ya miezi mingi, tumia mpango huo. Usiirundike miezi yote kwenye fomula moja.

Chanzo cha tatu cha namba kubwa ni woga. Panya aliyelala mtegoni, akashikwa, akatobolewa sikio, anaweza kukwepa kisanduku usiku unaofuata. Anapokosekana, m inapungua, nawe unadhani shamba lina wengi usiowaona.

Hapa siku ya tatu inakuwa na thamani kubwa. Usiridhike na jibu moja. Piga hesabu kwa kila jozi ya siku. Tuseme siku ya tatu umekamata 56, ambao 19 walikamatwa pia siku ya pili na 27 walikamatwa pia siku ya kwanza. Jozi ya kwanza na ya pili inatoa 147, ya pili na ya tatu inatoa 144, ya kwanza na ya tatu inatoa 123. Siku zinazofuatana zinatoa namba kubwa, na siku zilizoachana kwa usiku mmoja zinatoa ndogo. Huo ndio mwelekeo ungeutarajia ikiwa panya anaogopa usiku mmoja kisha anasahau. Kundi linalovuja lingefanya kinyume chake: jozi ya siku zilizoachana ndiyo ingekuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu muda wa kuondoka na kuingia umekuwa mrefu zaidi.

Lakini kumbuka lile kosa sanifu la 20. Tofauti kati ya 147 na 123 kwa pindi moja ya utegaji inaweza kuwa bahati tu. Mimi nisingemshutumu panya kwa woga hadi nione mwelekeo uleule ukijirudia pindi baada ya pindi.

Dalili: namba ni ndogo mno

Mkulima anakuonyesha mistari ya mahindi iliyofukuliwa mbegu, mashimo kila upande, na hesabu yako inasema panya wachache. Hapa m imeongezeka kuliko inavyostahili, na mshukiwa wa kwanza ni chambo. Siagi ya karanga ni tamu. Panya aliyegundua kwamba kisanduku kina chakula, na kwamba asubuhi ataachiliwa, anarudi.

Tuseme shamba lina panya 150. Ambaye hajawahi kukamatwa ana uwezekano wa 0.4 kwa usiku, na aliyeonja ana 0.6. Usiku wa kwanza unapata 60. Usiku wa pili wenye alama wanaorudi ni 36, na wageni ni asilimia 40 ya wale 90 waliobaki, nao ni 36. Jumla 72. Hesabu ya kawaida, 60 × 72 ÷ 36, inatoa 120. Umepoteza panya 30.

Njia ya kutoka hapo ni kuwasahau waliorudi na kutazama wageni tu, kana kwamba kila uliyemtia alama umemwondoa shambani. Wageni walikuwa 60, kisha 36. Ukichukua 60 × 60 na kugawa kwa tofauti yao, 24, unapata 150, na ndiyo idadi halisi. Hesabu hii haimjali panya amejifunza nini baada ya alama, kwa kuwa inahesabu kukamatwa kwake kwa mara ya kwanza pekee.

Nayo ina sharti lake: usiku wote uwe sawa kwa wageni. Ikiwa wa pili ulikuwa na mawingu baada ya wa kwanza wenye mbalamwezi, au mvua ilinyesha, wageni wataongezeka au kupungua kwa sababu ya hali ya hewa, na sasa ni hesabu ya wageni inayodanganya ilhali ile ya kawaida iko salama. Kwa siku mbili huwezi kutofautisha. Kwa siku tatu unaweza kujaribu: katika mfano wetu wageni wa usiku wa tatu wangekuwa kama 22, yaani 60, 36, 22, kila mara wakishuka kwa uwiano uleule wa 0.6. Mfuatano ukiwa 60, 20, 35, usiitumie hesabu ya wageni hata kidogo. Ndiyo maana daftari linahitaji safu ya mbalamwezi, mvua na idadi ya mitego iliyofyatuka mitupu.

Mshukiwa wa pili ni mgumu zaidi, nami ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu haachi alama za vidole. Panya hawalingani. Dume mkubwa anazunguka eneo pana na kupita mitego mingi. Mtoto aliyetoka shimoni juzi anazunguka mita chache. Tuseme 75 wana uwezekano wa 0.6 na 75 wana 0.2. Usiku wa kwanza unakamata 45 na 15, jumla 60. Usiku wa pili tena 60. Wenye alama ni 27 kutoka kundi jasiri na 3 kutoka kundi goigoi, jumla 30. Hesabu ya kawaida: 60 × 60 ÷ 30, panya 120. Jaribu ile ya wageni: 60 kisha 30, tofauti 30, jibu 120 tena. Njia mbili zimekubaliana, na zote mbili zimekosea. Makubaliano hayo yamewapa watu wengi imani isiyostahili.

Hakuna aliyejifunza chochote hapa, wala hakuna aliyeogopa. Ni kwamba uliowatia alama ni wale wanaokamatika kirahisi, na wanaokamatika kirahisi ndio wanaorudi.

Dawa ni kugawa kabla ya kuhesabu, kama una kitu cha kugawia. Ikiwa wale jasiri ndio watu wazima na wale goigoi ndio wadogo, na uliandika uzito, hesabu kila kundi peke yake: 45 × 45 ÷ 27 ni 75, na 15 × 15 ÷ 3 ni 75. Jumla 150. Ila ona jinsi kundi la pili linavyosimama juu ya panya watatu tu. Namba imerudi mahali pake lakini haina miguu imara. Na kama tofauti ni ya tabia ya mnyama mmoja mmoja, kitu ambacho uzito na jinsia havikionyeshi, programu kama `CAPTURE` au `MARK` zina mifano inayokubali kwamba wanyama hawalingani. Zinahitaji siku nyingi kuliko mbili, na mara nyingi mifano miwili inayolingana na data vizuri sawasawa hutoa idadi tofauti kabisa. Hapo andika kwamba kadirio la kawaida ni la chini, na uwaonyeshe wasomaji umbali kati ya majibu.

Kabla hujafika huko, angalia jambo la kawaida: mitego imejaa? Kisanduku chenye panya hakimpokei mwingine. Wakati wa mlipuko, asubuhi ukikuta karibu kila mtego umefungwa, idadi uliyoipata ni idadi ya mitego. Wanaofika mapema na kwa ujasiri wanachukua nafasi, wengine hawana pa kuingilia, na kutolingana kunazidi. Weka mitego miwili kila pointi na ulinganishe.

Dalili: namba inarukaruka, au m ni sifuri

Umekamata 12, kisha 10, na mwenye alama ni mmoja. Fomula ya Chapman inatoa karibu 70. Angekuwepo mwenye alama wawili, ingetoa karibu 47. Asingekuwepo hata mmoja, ingetoa 142. Panya mmoja ameamua matokeo yako yote. Hakuna kilichoharibika, data ni chache. Kanuni tunayoifuata wengi ni kutoiamini namba kabla m haijafika 7, na hata ikifika wigo bado ni mpana.

Suluhisho ni kuongeza siku au mitego ndani ya kipindi kilekile kifupi. Kuongeza wiki ili m ipande ni kuondoa tatizo la data chache na kuleta la kundi lililo wazi, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani kwenye wigo.

Dalili: N ni nzuri, panya kwa hekta ni wengi ajabu

Hili huja mwishoni, wakati mtu ameshapumua. Mitego 100, kumi kwa kumi, kila baada ya mita 10, inafunika mita 90 kwa 90, yaani hekta 0.81. Ukigawa 147 kwa 0.81 unapata panya 181 kwa hekta. Lakini mtego wa pembeni haumkamati anayeishi ndani ya gridi pekee. Unamvuta na jirani wa nje. Kadiria panya anatembea umbali gani kati ya mtego mmoja na mwingine alipokamatwa mara mbili, na ongeza mkanda wa nusu ya upana wa eneo lake pande zote. Mkanda wa mita 10, pembe zake zikiwa za mviringo, unaifanya hekta 0.81 kuwa 1.20, na wiani unashuka hadi 122. Panya walewale 147, theluthi moja ya wiani imetoweka kwa sababu ya mpaka.

Mkanda wenyewe ni makisio. Ukiwa umeandika namba ya mtego kwa kila mnyama kila siku, kifurushi cha `secr` katika R kinakadiria wiani moja kwa moja kutokana na mahali kila panya alipokamatwa, bila kukulazimisha uchague upana wa mkanda. Wengi huandika hereni na uzito wakaacha namba ya mtego, na hiyo ndiyo safu ambayo haiwezi kujazwa baadaye.

Ikiwa gridi ni ndogo na panya ni wachache, kama inavyokuwa kabla uzazi mpya haujaanza kuingia mitegoni, usitoe N kabisa. Toa idadi ya panya tofauti ulioshika kwa mikono yako ndani ya siku tatu, iite kima cha chini, na uandike pembeni idadi ya mitego na siku ulizotega ili wa mwezi ujao alinganishe na kazi iliyofanyika sawa.